Kikao Kikikatika Katikati ya Mtihani: Mambo ya Kufanya na Kutofanya

Maagizo haya ni kwa mwanachuo wa masafa aliyeko Kibiti mjini, Nyamisati au kwenye visiwa vya delta ya Rufiji, anayefanya jaribio la chuo kwa simu au kompyuta kupitia Moodle. Ndio mtambo unaotumiwa na Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, na vyuo vingine vingi. Nimeona watu wakipoteza majibu waliyokwisha kuyaandika vizuri kabisa, na karibu kila mara upotevu ule ungezuilika.

Usichanganye mtandao kukatika na kikao kuisha. Unapoingia kwa jina na nywila, seva inakufungulia kikao, na kivinjari chako kinapewa alama iitwayo `MoodleSession` ili kitambulike kila kinaporudi. Mtandao ukipotea dakika 10, kikao bado kipo kwenye seva, kinakusubiri. Kwa kawaida Moodle hukifunga baada ya saa 8 za ukimya, ingawa msimamizi wa chuo anaweza kuupunguza muda huo. Tena, ukurasa wa mtihani ukiwa wazi na mtandao upo, wenyewe huipigia seva hodi mara kwa mara ili kikao kisife. Basi ukitolewa nje katikati ya jaribio la saa moja, usidhani ni kwa sababu umekaa sana. Tazama ulichofanya: kioo cha simu kilizimika, au ulikwenda WhatsApp kidogo na simu yenye memori ndogo ikakifunga kivinjari, au ulihamia laini nyingine. Vyuo vingine huweka ulinzi unaofunga kikao pindi anwani ya IP inapobadilika, na kubadili laini ni kubadili anwani.

Kwa hiyo, kabla ya kuanza, weka simu isizime kioo, funga programu nyingine zote, na chagua laini moja ubaki nayo. Usifanye mtihani ndani ya boti ya kutoka Nyamisati.

Jua kinachohifadhiwa na kisichohifadhiwa. Majibu yako hufika kwenye seva kwa njia mbili. Ya kwanza ni unapobonyeza kwenda ukurasa unaofuata. Hapo kila kilichoandikwa kwenye ukurasa huo hupelekwa na kuandikwa rasmi. Ya pili ni kujihifadhi: ukigusa jibu, saa ndogo huanza kuhesabu, na baada ya sekunde 60, kama chuo hakijabadili, ukurasa hutuma nakala yako kimyakimya. Nakala hiyo ni ya muda, lakini ina uzito. Ukirudi baada ya kutolewa, ndiyo utakayoikuta, na muda ukiisha kabla hujarudi, ndiyo itakayosahihishwa.

Jibu lililo kwenye kioo tu, ambalo halijatumwa kwa njia yoyote kati ya hizi mbili, halipo popote pengine duniani.

Usibonyeze "Next page" wakati mtandao haupo. Hili ndilo kosa kubwa kuliko yote. Chukua mwanachuo aliyeanza jaribio la dakika 60 saa 4:00 asubuhi akiwa Nyamisati. Ukurasa wa kwanza ulikuwa na maswali matano mafupi, wa pili swali la insha. Saa 4:15 alivuka ukurasa wa kwanza salama. Saa 4:22 mtandao ukakatika. Mara ya mwisho insha kujihifadhi ilikuwa saa 4:21. Juu ya kioo yakatokea maneno "Network connection lost." Hakuyajali. Aliendelea kuandika hadi saa 4:31, aya tatu nzuri, kisha akabonyeza kwenda mbele. Kivinjari kikaacha ukurasa ule na kuleta kioo cheupe kinachosema hakuna mtandao. Alipofanikiwa kurudi saa 4:38 alikuta maswali matano yote yamo na mwanzo wa insha umo. Aya tatu hazikuwamo, na saa ya mtihani ilisoma dakika 22 zilizobaki.

Angefanya nini? Onyo lile linapotokea, ukurasa huendelea kujaribu kutuma wenyewe. Mtandao ukirudi, majibu huhifadhiwa na onyo hufutika. Angeweza kuendelea kuandika palepale, bila kubonyeza kitu. Kwa usalama, angenakili insha yote na kuibandika kwenye daftari la simu, au angepiga picha ya kioo, kisha akatafuta mtandao. Kubandika ni sekunde chache tu. Kuandika upya aya tatu kwa moyo unaodunda ni robo saa nzima.

Usibonyeze kitufe cha kurudi nyuma cha simu pia, wala usifungue mtihani huohuo katika madirisha mawili. Moodle hufuatilia majibu kwa namba za hatua. Hatua zikipishana, huyakataa yaliyoletwa na dirisha lililobaki nyuma.

Kikao kikiisha kweli, usitume kutoka ukurasa wa zamani. Kila ukurasa umebeba ufunguo wa kikao uliozaliwa nacho. Ukiingia upya, unapewa ufunguo mwingine, na ukurasa wa zamani unabaki na ule uliokufa. Ukibonyeza, utasoma "Your session has most likely timed out." Fanya hivi kwa utaratibu huu: nakili maandishi yako kwanza, fungua ukurasa wa kuingilia, weka jina na nywila, nenda kwenye jaribio lilelile ubonyeze "Continue your attempt". Linganisha ulichokikuta na ulichonakili, bandika kilichopungua, ndipo uende ukurasa unaofuata ili kiandikwe rasmi.

Nywila uijue kichwani. Anayetegemea kivinjari kumkumbukia hukwama hapa, dakika zikienda.

Usitegemee saa kukusubiri. Saa ya mtihani iko kwenye seva. Ilianza ulipoanza, na haisimami kwa sababu umeme umekatika Kibiti. Chuo kikiacha mpangilio wa kawaida, muda ukiisha jaribio hukusanywa lenyewe pamoja na nakala zilizojihifadhi. Lakini upo mpangilio mwingine, ambapo jaribio lisilokusanywa na mwanachuo mwenyewe kabla ya muda halihesabiwi kabisa. Muulize mhadhiri ni upi, siku kabla ya jaribio.

Wengine hukimbilia programu ya simu ya Moodle wakisema inafanya kazi bila mtandao. Ni kweli kwa majaribio ambayo mhadhiri ameyaruhusu hivyo, lakini jaribio lenye kikomo cha muda haliwezi kufanywa nje ya mtandao.

Piga simu kabla muda haujaisha. Mhadhiri anaweza kumwongezea mwanachuo mmoja muda huku jaribio likiendelea. Ukifungua ukurasa upya, dakika mpya zinaonekana. Baada ya jaribio kukusanywa, mambo huwa magumu zaidi. Mweleze saa ulipoanza, saa mtandao ulipokatika, namba ya swali na saa uliporudi. Usimwambie "mtandao ulisumbua" ukaishia hapo. Yeye anaweza kufungua historia ya kila jibu lako na kuona kila hatua iliyohifadhiwa na saa yake. Yule mwanachuo wa Nyamisati angemwambia "swali la 6, kuanzia saa 4:22 hadi 4:38", na historia ingeonyesha pengo lilelile.