SOMO LA MWEZI: WAYA MREFU KUTOKA KISIMANI HADI TANGINI

Ndugu mkulima, huenda umejitengenezea kihisi, yaani chombo kidogo cha umeme kinachopima kina cha maji tangini na kupeleka habari kwenye pampu ya jua. Mezani kilifanya kazi vizuri. Shambani kinasema uongo: pampu inasimama, na mbuzi wanakuta birika kavu. Kosa huwa moja kati ya mawili, na kila moja lina dawa yake.

La kwanza ni umeme kupungua njiani. Waya mwembamba huzuia umeme kama vile bomba jembamba lizuiavyo maji, na umeme husafiri kwenda na kurudi. Tuseme shamba liko Kataboi, na tangi liko meta 200 kutoka kwenye betri ya volti 12. Safari ya umeme ni meta 400. Zidisha meta hizo kwa 0.0175, kisha ugawe kwa unene wa shaba. Waya wa milimita mraba 0.5 utapata omu 14. Kihisi kikivuta ampia 0.3, zidisha 14 kwa 0.3: volti 4.2 zimepotea, na tangini zafika 7.8 tu. Kihisi kinachotaka volti 9 hakiwezi kufanya kazi. Kwa waya wa milimita mraba 1.5 hupotea volti 1.4 tu, nazo 10.6 zinatosha. Tena waya ulioachwa juu ya mchanga wa moto huzuia umeme zaidi, heri kuufukia.

Ili kujua kosa hili, pima volti tangini wakati kihisi kinafanya kazi. Ukikifungua kwanza, mita itakuonyesha karibu volti 12 zote nawe utadanganyika, kwa maana umeme usiotumika haupotei.

Kosa la pili ni kelele ya umeme. Waya wa kihisi ukilala kando ya waya wa pampu, hunasa mitikisiko ya umeme wa pampu. Dalili yake ni hii: pampu ikizimwa, kipimo hutulia, ikiwashwa, kipimo hurukaruka ingawa maji tangini yametulia. Hapo usinunue waya mnene, kwa kuwa unene hauzuii kelele.

Chimba mtaro mwingine mbali na waya wa pampu. Kama nyaya hazina budi kukutana, zipishane kama msalaba. Tumia nyaya mbili zilizosokotwa pamoja, zenye gamba la nyuzi za shaba. Gamba hilo liunge ardhini upande mmoja tu, kisimani. Likiungwa pande zote mbili, umeme waweza kupita ndani yake na kuleta kelele mpya.

Basi, pima volti tangini, kisha zima pampu utazame kipimo. Ndipo uende dukani.