Umeomba Mkopo wa Kilimo, Miezi Inapita Kimya: Ufanyeje?

Wiki hii nimepigiwa simu na vijana watatu tofauti na wote wana swali moja: "Bwana shamba, niliomba mkopo tangu mwezi wa kwanza, mpaka leo hakuna ndiyo wala hapana. Niendelee kusubiri au niachane nao?"

Ukiniuliza hivyo, swali langu la kwanza ni hili: mche wako unatakiwa uwe kitaluni lini? Benki ina kalenda yake na kitunguu kina kalenda yake, na kitunguu hakijui kwamba kamati ya mikopo haijakaa.

Tuchukue mfano wa kijana mmoja ambaye nimemfuatilia msimu mzima, analima kitunguu cha umwagiliaji kwenye shamba la kukodi. Tarehe 12 Januari alipeleka ombi la shilingi 3,600,000 kwa ajili ya ekari mbili. Mkataba wake wa kukodi shamba ulikuwa unaisha 30 Septemba, na kwenye ombi aliandika kuwa atalipa deni lote tarehe hiyohiyo baada ya kuuza. Hadi tarehe 10 Machi hakuna simu wala barua.

Tulikaa chini tukahesabu kwa kurudi nyuma. Kitunguu chake kinakaa shambani siku kama 100 baada ya kuhamishwa, halafu kinahitaji karibu wiki mbili za kukaushwa na kuuzwa. Ili auze kabla mkataba haujaisha, na kabla maji ya mfereji hayajapungua watu wakaanza kugombania zamu, ilibidi ahamishe miche katikati ya Mei. Mche wa kitunguu unakaa kitaluni wiki sita hadi saba. Maana yake mbegu iwe imeshasiwa ifikapo 30 Machi. Basi hiyo 30 Machi ndiyo tarehe ya mwisho ya ombi lake, hata kama hakuna karatasi ya benki inayosema hivyo.

Wengi hapo ndipo wanapokosea. Wanasia mbegu ya ekari mbili kwa matumaini, kisha miche inawazeekea kitaluni ikisubiri hela. Mche ukipita wiki nane unakuwa na shingo nene, ukiupanda unachelewa kushika, na kitunguu kinatoka kidogo au kinatoa maua. Miche haiwekwi akiba kama mahindi.

Jambo la pili tulilofanya ni kutafuta ombi lenyewe limekwama wapi. Kupiga simu kuuliza "vipi ule mkopo?" hakusaidii, utajibiwa "unashughulikiwa" na simu itakatwa. Nilimwambia aende mwenyewe, abebe nakala ya barua yenye muhuri wa kupokelewa, na aulize mambo mawili tu: faili liko kwa nani sasa, na kuna kitu gani kinachokosekana?

Kumbe afisa mikopo aliyekuja kukagua shamba alikuwa amehamishwa kituo. Aliyempokea alikuta profoma ya pembejeo imepitwa na wakati (ile karatasi ya duka ilikuwa na bei zinazodumu siku 30), akaliweka faili pembeni akisubiri mteja alete mpya. Mteja naye hakuambiwa. Kwa hiyo ombi halikuwa limekataliwa, na wala halikuwa linashughulikiwa. Lilikuwa limelala tu. Hali hii naikuta mara nyingi, na dalili yake ni kwamba ukiuliza lini litaingia kamati ya mikopo, hakuna anayekutajia siku.

Alipeleka profoma mpya siku ya pili yake, pamoja na barua fupi. Nawawekea maneno yake, mnaweza kubadilisha kulingana na zao lenu:

"Rejea ombi langu la mkopo lililopokelewa tarehe 12 Januari. Naambatisha profoma mpya. Mbegu inatakiwa isiwe kitaluni kabla ya 30 Machi, hivyo naomba kujulishwa uamuzi kabla ya tarehe 25 Machi. Baada ya tarehe hiyo nitapunguza eneo la kulima, na kiasi ninachohitaji kitabadilika. Naomba msitoe fedha kwa ombi la sasa bila kuwasiliana nami kwanza."

Akagongewa muhuri kwenye nakala yake. Ile sentensi ya mwisho tutairudia, maana ndiyo iliyomwokoa.

Tarehe 25 Machi ikapita kimya. Kwa akiba yake mwenyewe alikuwa na hela ya mbegu kilo moja na maandalizi ya nusu ekari. Akasia hiyo, basi. Nakiri nilimwona kama anajinyima, nikamwambia angejaribu ekari nzima kwa kukopa kwa jamaa zake. Alikataa, na baadaye niliona yeye ndiye alikuwa sahihi.

Sasa sikilizeni. Tarehe 8 Mei, miche iko karibu kuhamishwa, simu ikalia: "Mkopo wako umepita, njoo usaini." Shilingi 3,600,000 zote.

Vijana wengi wangekimbia na kalamu mkononi. Yeye aliomba kwanza aonyeshwe ratiba ya marejesho. Tarehe ya kulipa ilikuwa bado ni 30 Septemba, ileile ya kwenye ombi la Januari! Hela ilichelewa zaidi ya mwezi mmoja nyuma ya kalenda ya shamba, lakini deni halikuchelewa hata siku moja. Angesia mbegu mpya tarehe 10 Mei, angehamisha mwisho wa Juni na kuvuna Oktoba, wakati mkataba wa shamba umeshaisha na deni limeshaiva. Ndiyo maana nasema kwenye mkopo wa msimu, ndiyo iliyochelewa inaweza kukuumiza kuliko hapana. Hapana inakuacha na nusu ekari yako. Ndiyo ya mwezi wa tano inakuachia hela mkononi isiyo na miche ya kuitumikia, na sote tunajua hela ya namna hiyo huishia wapi.

Kwa kuwa hakuwa amesaini kitu, na barua yake ya Machi ilikuwa ndani ya faili, hakukuwa na ugomvi. Aliomba kiasi kipunguzwe hadi shilingi 700,000 kwa ajili ya mbolea, dawa na vibarua wa palizi kwa ile nusu ekari, tarehe ya kulipa ibaki palepale. Walikubali. Ukishasaini na hela ikaingia, mazungumzo ya aina hiyo yanakuwa magumu sana.

Na kama wangekataa kupunguza? Angeandika barua ya kuondoa ombi na kudai dhamana yake. Kijana huyu alikuwa ameacha kadi halisi ya pikipiki kwenye faili, na miezi yote ile asingeweza kuitumia kuombea mkopo kwingine. Ukiachana na ombi kimyakimya, dhamana inabaki kule kabatini, na ombi lenyewe linaweza kuamka siku usiyolihitaji. Kama umeomba sehemu mbili kwa wakati mmoja, barua hii ni ya lazima mara moja ikijibu, vinginevyo unaweza kujikuta na madeni mawili kwa shamba moja.

Kwa wa nyanya hesabu ni fupi zaidi kwa sababu mche unakaa kitaluni wiki nne tu au kuzidi kidogo, hivyo mna nafasi ya kusubiri zaidi kidogo kuliko wa kitunguu. Wenye maombi yaliyolala tangu Januari, niandikieni zao, ukubwa wa shamba na tarehe mkataba wenu wa kukodi unapoisha, tuhesabu pamoja.