SOMO LA ROBO HII: Kupatana na hospitali kabla ya kukimbilia mkopo

Wapendwa wanakamati na marafiki mnaotuchangia, ofisi yetu imekuwa ikipokea maombi mengi ya msaada kutoka kwa familia zilizokopa kwa riba kubwa ili kumtoa mgonjwa hospitalini. Mara nyingi tunakuta bili ilikwishalipwa siku nyingi. Kinachoitafuna familia ni ule mkopo, ambao watu wameuita kwa haki kabisa "kausha damu". Katika somo hili tutafuata familia moja ya wakulima ambayo haikukopa, tuone ilifanya nini na ilikwama wapi.

Baba wa familia hiyo, mwenye umri wa miaka 52, alianguka kutoka juu ya mparachichi mwezi Januari na kuvunjika mfupa wa paja. Alipelekwa hospitali ya misheni, akafanyiwa upasuaji na kuwekewa chuma ndani ya mfupa. Siku ya kupokelewa familia iliweka shilingi 350,000. Siku ya nne mama alimweleza mzee wa kanisa wa mtaa wao kwamba kuna mtu sokoni yuko tayari kumpa laki tisa kwa riba ya asilimia 20 kwa mwezi, dhamana ikiwa ni shamba. Mzee alimwomba asubiri kidogo, wakaenda wodini pamoja.

Jambo la kwanza walilofanya ni kumwomba muuguzi kiongozi wa wodi awasaidie kupata hesabu ya bili ilipofikia. Familia nyingi husubiri siku ya ruhusa ndipo ziulize, na hapo ndipo zinapobanwa. Mgonjwa akisharuhusiwa na akabaki kitandani kwa sababu ya deni, gharama ya kitanda inaendelea kuhesabiwa. Katika hospitali hiyo kitanda kilikuwa shilingi 10,000 kwa siku. Wiki moja ya kuzunguka kutafuta pesa ingeongeza shilingi 70,000 ambazo hazitibu kitu.

Siku ya kumi bili ilifika shilingi 1,460,000. Waliomba mchanganuo, yaani karatasi inayoonyesha kila dawa, kila kipimo na kila siku ya kitanda, wakaipitia na muuguzi mstari kwa mstari. Walikuta picha moja ya eksirei imeandikwa mara mbili, na chupa za maji ya mshipa zilizorudishwa stoo bila kutumika bado zimehesabiwa. Hakuna aliyekusudia kuiba. Ni makosa ya kawaida mahali penye kazi nyingi. Bili ilirekebishwa ikawa shilingi 1,392,000. Waliuliza pia kuhusu msamaha. Sera ya Afya ya mwaka 2007 inawataja watoto wa chini ya miaka mitano, wajawazito na wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo, lakini katika hospitali za makanisa msamaha huo hutegemea kama kuna mkataba na halmashauri, na unahusu huduma zipi. Huyu baba hakuwa katika kundi lolote. Hata hivyo kuuliza hakuna gharama.

Ndugu walichanga na mbuzi mmoja akauzwa, zikapatikana shilingi 142,000. Deni likabaki shilingi 900,000. Hapo walikwenda kwa ofisa ustawi wa jamii wa hospitali, ambaye aliwapeleka kwa mhasibu. Walibeba barua ya mtendaji wa kijiji, kitambulisho cha mama, na barua ya kamati ya mtaa ya udhamini. Kwenda na fedha mkononi kulisaidia sana. Hospitali inanunua dawa kwa fedha taslimu, na imeshaona wagonjwa waliotoroka usiku bila kulipa chochote. Anayekuja na sehemu ya fedha, anwani inayojulikana na mdhamini anasikilizwa tofauti na anayekuja kulia tu.

Mhasibu aliuliza, "Mama, laki moja na nusu kwa mwezi, miezi sita, utaweza?" Mama akaitikia, "Nitaweza, baba." Mzee wa kanisa akaomba watoke nje kidogo. Sisi tunaona hapa ndipo deni lilipookolewa. Mama alikubali kwa aibu na kwa hamu ya kumtoa mumewe, lakini mpango usiolipika huvunjika mwezi wa pili, na ndipo watu hurudi kwa yule wa sokoni. Nje, chini ya mti, walihesabu. Mama huuza ndizi gulioni mara mbili kwa wiki, na baada ya nauli na chakula cha nyumbani hubakiwa na kama shilingi 12,000 kila gulio, yaani karibu shilingi 96,000 kwa mwezi. Waliacha akiba ya sabuni, shule na dharura, wakafikia shilingi 60,000. Mahindi wangeuza Julai.

Walirudi na pendekezo hili: shilingi 60,000 kila mwezi kuanzia Februari hadi Juni, shilingi 300,000 mwezi Julai, kisha shilingi 60,000 tena kuanzia Agosti hadi Desemba. Jumla ni shilingi 900,000, bila riba. Mhasibu hakufurahia urefu wa muda, lakini alikubali.

Sasa linganisheni na ule mkopo. Asilimia 20 ya laki tisa ni shilingi 180,000 kila mwezi, na hiyo ni riba peke yake. Mama mwenye shilingi 60,000 asingeweza kufikia hata riba; mwisho wa mwezi wa kwanza angedaiwa shilingi 120,000 zaidi ya alizokopa. Na kama angeweza kulipa riba yote kwa miezi sita, angetoa shilingi 1,080,000 na laki tisa zingekuwa bado zinamsubiri, pamoja na shamba.

Makubaliano yaliandikwa kwenye karatasi moja: namba ya mgonjwa, deni, tarehe na kiasi cha kila awamu, kwamba hakuna riba, sahihi na mhuri, nakala moja kwa familia. Tunashauri kuongeza sentensi moja ambayo wengi huisahau: kwamba mgonjwa ataendelea kupokelewa kliniki ingawa deni halijaisha. Tumewahi kuona mgonjwa aliyeogopa kurudi kwa sababu anadaiwa, na kidonda kikaoza nyumbani. Malipo yote yafanyike kwenye dirisha la malipo au kwa namba rasmi ya hospitali, na risiti itunzwe. Fedha iliyotumwa kwenye simu ya mtumishi, hata awe mwema kiasi gani, haionekani katika vitabu.

Mwezi Aprili familia ilikwama, kwa kuwa nauli ya kliniki ilikula fedha ya awamu. Mama alikwenda kwa mhasibu siku mbili kabla ya tarehe, akaeleza, na shilingi 60,000 zikahamishiwa Julai. Angekwenda baada ya tarehe, barua ya kwanza ingekuja kwa mdhamini.

Na mdhamini ni ninyi, wanakamati. Barua ya udhamini ni ahadi ya fedha. Si kila hospitali itakubali mpango wa namna hii, na ile iliyowahi kuachiwa deni na mtaa wenu itakataa barua inayofuata, hata kama mgonjwa ni mwingine. Kwa hiyo kamati isidhamini jumla inayozidi kilichomo katika mfuko wake wa diakonia. Mtaa huu ulikuwa na shilingi 410,000 mfukoni, hivyo barua yao ilisema wazi kwamba wanadhamini hadi shilingi 400,000 tu, na mhasibu aliipokea. Marafiki mnaotuma michango yenu mjue kwamba fedha hiyo haikutoka. Ilikaa benki mwaka mzima, na mwezi Desemba, awamu ya mwisho ilipolipwa, kamati iliomba barua yake irudishwe ili iweze kumdhamini mwingine.