Karatasi ya taa ilivyotaka kuninyima fremu Karatu: hesabu ya wati kwa mita ya mraba, hatua kwa hatua

Mnaonifuata mnajua nauza mashuka ya Kimaasai, shanga na vikapu kwa mtandao, oda nyingi zinakwenda Dar na Arusha. Mwaka huu nikapata fremu kwenye jengo jipya la lodge hapa Karatu, barabara ya kwenda geti la Lodoare, pale watalii wanapopita kwenda Ngorongoro. Nikaona sasa nitakuwa na stoo, sehemu ya kupigia picha na wateja wa kuingia mlangoni.

Kodi ya miezi 6 nimeshalipa. Kufunga taa nikaruhusiwa, kufungua duka bado. Mkataba ulisema kila mpangaji alete karatasi ya taa ndani ya siku 14, jengo linatafuta cheti cha matumizi madogo ya umeme. Kikomo chao kilitoka IECC ya 2021, kanuni ya Kimarekani ya kuokoa nishati kwenye majengo. Ukishindwa, fremu anapewa mwingine na kodi inakatwa. Nawaeleza nilivyofanya, maana majengo ya wawekezaji yanaongezeka na wewe ukipangishwa huko utaulizwa hivihivi.

Hesabu yenyewe

Wanachotaka kujua ni kitu kimoja: wati zote za taa zilizofungwa ndani, ukigawanya kwa ukubwa wa duka. Kwa duka la rejareja IECC ya 2021 inaruhusu wati 0.84 kwa futi moja ya mraba, yaani kama wati 9 kwa mita ya mraba.

Fremu yangu ni mita 6 kwa mita 5, stoo ikiwa ndani yake.

```
6 x 5 = 30 mita za mraba = futi 323 za mraba
323 x 0.84 = wati 271
```

Kwa hiyo taa zangu zote zisizidi wati 271. Nikakaa na daftari nikaandika nilichofunga:

- Taa za tyubu za LED 4, kila moja wati 18: 72
- Taa za kumulika bidhaa 8, kila moja ina balbu ya LED ya wati 7: 56
- Taa ya stoo, balbu ya wati 9: 9
- Taa ya duara ya kupigia picha: 20

Jumla wati 157. Gawanya kwa 30, unapata 5.2. Nikajua nimemaliza, nikapeleka karatasi nikiwa natabasamu.

Kumbe sikuhesabu taa, nilihesabu balbu

Injinia wa jengo alikuja dukani, akapanda ngazi, akaangalia holda ya ile taa ya kumulika. Ndani pana kibandiko: Max 40W.

"Dada, hii balbu ikiungua utaweka nini?"

"Nitaweka nyingine kama hii, injinia."

"Na kama haipo dukani siku hiyo?"

Nikanyamaza. Ukweli ni kwamba ningeweka yoyote itakayopatikana, hata ile ya zamani ya wati 40.

Hapo ndipo penye mtego. Kwenye kanuni hiyo, taa yenye holda ya kuzungusha balbu (zile za E27) haihesabiwi kwa balbu uliyoweka leo. Inahesabiwa kwa wati kubwa kabisa iliyoandikwa kwenye kibandiko cha taa. Balbu inabadilika kila siku, holda inabaki ukutani, kwa hiyo wanapima kinachobaki. Akarudia hesabu yangu mbele yangu:

- Tyubu 4, za aina iliyofungwa na LED yake moja kwa moja: 72
- Taa za kumulika 8 x 40: 320
- Holda ya stoo, kibandiko Max 60W: 60
- Taa ya duara: 20

Jumla wati 472, sawa na 15.7 kwa mita ya mraba. Nimezidisha wati 201 wakati bili yangu ya umeme ingekuwa ndogo kabisa! Zilibaki siku 9.

Dawa haikuwa kupunguza mwanga. Nilitoa zile holda 8 nikafunga taa ambazo LED imejengwa ndani, hazina balbu ya kuzungusha, wati 10 kila moja. Stoo nayo nikaweka ya aina hiyo, wati 12. Hesabu mpya ni 72 + 80 + 12 + 20 = wati 184, yaani 6.1 kwa mita ya mraba. Safari hii ikapita.

Ukienda kununua, soma wati halisi inayokula, usisome ile "sawa na 60W" iliyoandikwa kwa herufi kubwa kwenye boksi. Hiyo inalinganisha mwanga na balbu ya zamani. Na kama fremu yako ina reli ya taa za kusogeza, muulize injinia kabla hujanunua chochote, maana reli ina namna yake ya kuhesabiwa kwa urefu, hata kama umetundika taa mbili tu.

Hakikisha kwa mita ya LUKU

Karatasi inaweza kusema 184 na ukuta ukasema kingine. Angalia uso wa mita yako, utaona imeandikwa kitu kama 1000 imp/kWh. Maana yake kile kitaa chekundu kinapepesa mara 1000 kwa kila uniti moja. Chomoa kila kitu, washa taa zote, hesabu mipepeso kwa dakika 10. Wati 184 zinatakiwa kutoa mipepeso kama 31.

Mimi nilihesabu 38. Hiyo ni wati 228, kuna wati 44 sizijui zinatoka wapi. Tukazima swichi moja moja mpaka tukaipata: taa ya ulinzi ya nje, ya wati 45, iliunganishwa kwenye mita yangu. Taa ya nje haiingii kwenye hesabu ya ndani ya duka, kwa hiyo karatasi yangu ilikuwa sahihi, lakini ningekuwa namlipia jirani mwanga wa usiku kucha. Ikahamishwa.

Nusu ya pili ya karatasi: zinazimwaje?

Hapa wengi wanakwama, wanadhani ukipita kwenye wati umemaliza. Kanuni inauliza pia taa zinajizima vipi. Kwangu yalikuja mambo matatu.

La kwanza ni stoo. Inatakiwa kitambuzi cha mwendo, mafundi wanakiita sensa, kizime taa ndani ya dakika 20 baada ya mtu kutoka. Injinia alikipima kweli: aliingia, akatoka, akakaa kwenye benchi na saa yake. Mara ya kwanza taa haikuzima. Fundi alikielekeza kwenye mlango ulio wazi, kikawa kinaona kila anayepita dukani. Tukakigeuza kiangalie ndani, nikashusha na marobota ya mashuka yaliyokuwa yanakiziba.

La pili ni taa za kumulika bidhaa. Lazima ziwe na swichi na taima yake, mbali na taa za kawaida za duka. Fundi wangu alikuwa ameziunganisha zote swichi moja ili aokoe waya. Tulifumua. Kama bado hujapiga plasta, mwambie fundi mapema, kufumua ukuta kunauma mfukoni.

La tatu ni taa za kawaida: zizimwe na taima duka likifungwa. Na hapa naomba usicheke. Nilimwambia fundi zizime saa 2 usiku. Akaweka 02:00. Taima haijui saa ya Kiswahili! Saa 2 usiku ni 20:00, ile 02:00 ni saa 8 usiku. Kwa siku nne taa ziliwaka saa 6 za bure kila usiku mpaka nikashangaa uniti zinakwenda wapi. Kwenye karatasi andika saa zote kwa mtindo wa 24, na ubandike nakala karibu na taima.

Nikaongeza moja kwa hiari yangu. Tyubu mbili zilizo karibu na kioo cha mbele nimezipa swichi yake, nazizima kuanzia saa 4 asubuhi mpaka saa 11 jioni, jua la Karatu linatosha. Ila miezi ya baridi ukungu unashuka kutoka kwenye ukingo wa kreta, kuna asubuhi duka ni giza mpaka saa 5. Ndiyo maana nimeweka swichi ya mkono, siku ya ukungu naziacha ziwake.

Nimeokoa kiasi gani?

Niwe mkweli. Bila kuzima chochote, wati 184 kwa saa 12 ni uniti 2.2 kwa siku. Kwa mpangilio wangu ni kama 1.6. Kwa ushuru wa T1, ambao ni shilingi 292 kwa uniti na ukijumlisha kodi na tozo unafika kama 356, naokoa takriban shilingi 208 kwa siku, sawa na 5,400 kwa siku 26 za kazi. Sio pesa ya kujengea nyumba. Kusahau taa usiku mmoja kungenila karibu 790, na hiyo taima imeimaliza. Faida kubwa kwangu ni ile kodi ya miezi 6 ambayo haikupotea.

Na kumbuka, kikomo hiki kinasema usizidishe. Hakisemi mwanga wako unatosha kuuza. Kwa sisi wa picha, angalia pia namba ya Ra kwenye boksi. Shuka jekundu chini ya taa ya Ra 80 lilikuwa linatoka limefifia, nilipoweka taa mbili za Ra 90 pale kwenye kona ya picha, za wati zilezile 10, malalamiko ya "rangi sio ile" yakapungua. Na taa zote za kona moja ziwe na rangi moja ya mwanga, ukichanganya ya njano na nyeupe simu inachanganyikiwa.

Kama una fremu sasa hivi, fanya hili leo: panda kiti, soma kibandiko ndani ya kila holda, jumlisha, gawanya kwa mita zako za mraba. Andika jibu kwenye maoni pamoja na ukubwa wa duka, nitapitia hesabu za kila mmoja.