Je, Bwaise Kuna Diglosia? Somo la Isimujamii

Tuanze na Ijumaa ya kawaida Bwaise. Khatibu anapanda mimbari, anasoma nguzo za khutba kwa Kiarabu, kisha anawaidhia kwa Kiganda. Swala ikiisha, vijana wanatoka nje na kuanza kuzungumza Luyaaye, lugha ya mtaani ya Kampala. Wanafunzi wengi wa isimu wakiona hali hii hukimbilia kusema, "Hii ni diglosia." Tuipime.

Maana yake

Aliyeipa dhana hii umbo lake la kitaaluma ni Charles Ferguson, katika makala ya mwaka 1959. Alitumia mifano minne: Kiarabu, Kigiriki, Kijerumani cha Uswisi na Krioli ya Haiti. Kwa maelezo yake, jamii huwa na namna mbili za lugha moja. Ya juu hutumika katika khutba, hotuba, habari na maandishi. Ya chini nyumbani, sokoni na kwa marafiki. Mtu akiziwekana pahali pasipo pake huchekwa.

Katika sifa alizotaja, moja ndiyo rahisi zaidi kupimia: namna ya juu haifunzwi na mama. Hakuna nyumba Kairo ambapo mtoto huanza kusema kwa Kiarabu fus-ha. Huanza na cha mtaani, kisha fus-ha huipata darasani na kitabuni. Tuliite jaribio la nyumbani: je, kuna watu wanaozungumza namna ya juu na watoto wao kila siku? Wakiwapo, si diglosia ya Ferguson.

Tupime Bwaise

Kwanza, Kiganda sanifu na Luyaaye. Kiganda cha heshima ndicho mtoto wa Kiganda anachokisikia kwa mama na bibi yake. Luyaaye hukiokota barabarani akishakua. Hapa mambo yamegeuka: kinachopewa heshima ndicho cha nyumbani. Luyaaye ni msimu wa vijana, si namna ya chini ya diglosia.

Pili, Kiarabu cha mimbari na Kiganda. Jaribio linapita, kwa kuwa Kiarabu hicho hakizungumzwi nyumbani. Lakini hizi ni lugha mbili zisizo na nasaba. Ferguson angekataa. Joshua Fishman, mwaka 1967, aliipanua dhana ili ihusu hata lugha tofauti, mradi zimegawana kazi. Kwa hiyo ukiandika kwamba Bwaise kuna diglosia, taja ni ya nani, maana jibu linabadilika.

Mfano ulio karibu

Ukifuata Barabara ya Bombo kutoka Bwaise, mwendo wa kilomita 30 hivi, unafika Bombo, mji wa Wanubi. Wahenga wao walikuwa askari wa Emin Pasha kutoka Sudan ya kusini, ambao Lugard aliwaleta Uganda mwaka 1891. Lugha yao, Kinubi, ni krioli iliyozaliwa kwa Kiarabu. Hapa tunayo lugha ya nyumbani yenye nasaba na ile ya msahafu. Tazama "nataka maji":

- Fus-ha: *uriidu maa'an*
- Kairo: *aayiz mayya*
- Kinubi: *ana aju moyo*

Wapo wanaosema Kinubi ni Kiarabu kilichovunjika. Tuangalie kitenzi "kula". Katika fus-ha, mtendaji anajulikana ndani ya kitenzi: *akaltu*, nilikula; *akala*, alikula. Katika Kinubi kitenzi hakibadiliki, mtendaji husimama peke yake: *ana akulu*, nimekula, *uo akulu*, amekula. Wakati huonyeshwa kwa kiambishi: *ana gi-akulu*, ninakula, *ana bi-akulu*, nitakula. Anayekosea mpangilio huu husikika mara moja kwa Mnubi. Lugha iliyovunjika haina kosa la kusahihishwa; hii ina kanuni zake.

Basi Bombo ni diglosia kamili? La. Mnubi hujifunza fus-ha madrasa, na jaribio la nyumbani linapita. Lakini kwake fus-ha imebaki katika ibada na elimu ya dini. Shule na ofisi za serikali zinatumia Kiingereza. Kairo, fus-ha imeshika mimbari, gazeti na taarifa ya habari kwa pamoja. Bombo, kiti cha juu kimegawanywa kati ya lugha mbili.

Tofauti hii inamgusa pia mwanafunzi anayekwenda kusoma Kairo. Atafuata mhadhara na khutba kwa fus-ha aliyoipata madrasa, lakini muuza duka atamjibu kwa lugha ambayo hakufundishwa. Asidhani walimu wake walimdanganya. Walimfundisha namna moja kati ya mbili.

Maswali ya kujipima

1. Kiingereza na Kiganda Kampala: baadhi ya wazazi sasa huzungumza Kiingereza na watoto wao. Jaribio la nyumbani linasemaje?
2. Je, Kiswahili sanifu na Sheng ya Nairobi vinafanana zaidi na Kairo, au na Kiganda na Luyaaye?