Ukiondoa riba, mgawanyo nao hubadilika

Chukua hisa mbili ambazo mwendo wake hauhusiani. Zikihusiana, njia hii fupi haifai. A inatarajiwa kuleta faida ya 14% na kuyumba kwa 20%. B, 9% na 10%. Hati ya serikali inalipa 6%. Toa 6 katika kila faida, kisha gawanya kwa mraba wa kuyumba: 8/400 ni 0.02, 3/100 ni 0.03. Basi A ipate 40%, B 60%. Mchanganyiko huo unaleta 11% na kuyumba kwa 10%, kuyumba kulekule kwa B pekee yenye 9%. Mstari wa soko la mitaji unaanzia 6 na kuugusa hapo, ukipanda nusu kwa kila moja.

Lakini 6 hiyo ni riba. Wengi wetu huiacha hati, wakabaki na 40 kwa 60. Wamekosea hesabu: fedha taslimu huzaa 0, hivyo gawanya 14/400 na 9/100, upate 28 kwa 72.