Sentensi Kumi za Musa

Baadhi ya wenzetu wa mwaka wa kwanza hapa Kampala huniletea insha zao za Kiswahili nizipitie kabla hawajazikabidhi. Nyingi hazina kosa la sarufi, lakini zikirudi, alama za upande wa lugha ni za wastani. Ukizisoma unaona sababu: karibu kila sentensi ina kitenzi kimoja tu. Msahihishaji hawezi kutoa alama za miundo ambayo hakuonyeshwa.

Nimetunga mfano wa aina hiyo ili tuufanyie kazi:

Musa alikuwa na baiskeli. Baiskeli alipewa na mjomba wake. Mjomba anaishi Jinja. Jumatatu Musa alikuwa anakwenda kwenye mtihani. Baiskeli iliharibika njiani. Alitembea kwa miguu. Alifika saa tatu na robo. Mtihani ulikuwa umeanza saa tatu. Msimamizi alikuwa mlangoni. Alimruhusu kuingia.

Kabla ya kuunganisha, jiulize ni yapi yaliyotokea na yapi ni maelezo tu. Baiskeli iliharibika, Musa alichelewa, msimamizi alimruhusu. Hayo matatu yabaki kuwa vishazi huru, yaani vinavyoweza kusimama peke yake. Nani alitoa baiskeli na msimamizi alikuwa wapi ni maelezo, kwa hiyo yaingie kwenye vishazi tegemezi. Jinja mimi ningeifuta, kwa kuwa haibadilishi lolote. Tunapata hivi:

Jumatatu Musa alipokuwa anakwenda kwenye mtihani, baiskeli aliyopewa na mjomba wake iliharibika njiani. Kwa kuwa ilimbidi atembee kwa miguu, alifika saa tatu na robo. Ingawa mtihani ulikuwa umeanza saa tatu, msimamizi aliyekuwa mlangoni alimruhusu kuingia.

Sentensi ni tatu. Ukitaka kujua kama umeunganisha sawasawa, funika kishazi tegemezi kwa kidole usome kinachobaki. "Baiskeli iliharibika njiani" inasimama. Lakini mtu akiandika "Baiskeli ambayo alipewa na mjomba wake na iliharibika njiani" kisha akaweka nukta, sentensi haijakamilika. Kile "na" kimeingiza "iliharibika" ndani ya maelezo, na baiskeli imebaki bila kitenzi chake.

Sasa tuangalie kirejeshi chenyewe, maana hapo ndipo wengi huteleza. Kirejeshi hufuata ngeli ya nomino inayoelezwa: msimamizi aliyekuwa, baiskeli aliyopewa, kitabu alichopewa, vitabu alivyopewa. Mitaani tunasikia "kitu ambayo" na "watu wenye walikuja", na tunaelewana vizuri tu. Kwenye insha andika "kitu ambacho" na "watu waliokuja". Pia usiweke virejeshi viwili kwa kazi moja. "Msimamizi ambaye aliyekuwa mlangoni" ni kosa. Chagua "ambaye alikuwa" au "aliyekuwa".

Je, uchague lipi? Kirejeshi cha ndani ya kitenzi hukaa na -na-, -li- na -taka-: anayefika, aliyefika, atakayefika. Katika kukanusha tunasema asiyefika. Hakikai na -me-, kwa hiyo aliyekwisha kufika bado yupo ni "mtu ambaye amefika". Mpangilio nao hutofautiana. Tunasema "baiskeli ambayo mjomba wake alimpa", lakini kwa kirejeshi cha ndani kitenzi hufuata nomino moja kwa moja: "baiskeli aliyompa mjomba wake". Wanaotafsiri kichwani kutoka lugha nyingine huandika "baiskeli mjomba wake aliyompa", na msahihishaji huiona mara moja.

Kuna mahali ambapo amba- ni bora hata kama ni ndefu. Soma: "Msimamizi aliyemwona Musa alikuwa mlangoni." Nani alimwona mwenzake? Huenda msimamizi alimwona Musa, au Musa alimwona msimamizi. Sarufi inakubali yote mawili, kwa sababu wote wawili ni watu na -m- inaweza kumrejelea yeyote. Andika "msimamizi ambaye Musa alimwona" au "msimamizi ambaye alimwona Musa", na shaka inaondoka.

Kuhusu wakati, -po- pamoja na -li- husimulia tukio lililopita: "baiskeli ilipoharibika, alitembea". Ukisema "baiskeli ikiharibika, hutembea", umeeleza mazoea yake, na msomaji ataelewa kwamba baiskeli hiyo huharibika kila mara.

Mtu akishajua haya, hupenda kurundika: "mjomba ambaye anaishi Jinja ambako kuna kiwanda ambacho..." Mimi nikikuta amba- ya tatu katika sentensi moja, huikata sentensi hapo. Wala usiziunganishe zote. "Msimamizi alimruhusu" ingeweza kubaki fupi, peke yake, baada ya sentensi mbili ndefu, na msomaji angeisikia zaidi.